Vitabu vipya vimefika dukani: aya ya kwanza ya kijarida naianzaje?

*"Wakubwa zangu, shikamooni. Nina duka dogo la vitabu hapa Unguja, upande wa Darajani. Kila mwezi nawatumia wateja wangu kijarida kwa barua pepe na kwa WhatsApp, wako kama 80. Mzigo mpya umeingia: riwaya, vitabu vya watoto na kamusi. Nikishaandika 'tumepokea vitabu vipya' nakwama, na hata nikimaliza naona aya haimvuti mtu. Nyinyi mnaanzaje?"*

Marahaba, mdogo wangu. Duka langu liko Chake Chake, na ulipokwama wewe ndipo nilipokwama mimi. Nitakueleza habari ya sanduku moja tu, maana yote ninayoyajua juu ya aya ya kwanza yametoka humo.

Sanduku lilishushwa bandari ya Mkoani, likaletwa Chake kwa gari. Ndani mlikuwa na vitabu 26: nakala 5 za riwaya ya Peponi ya Abdulrazak Gurnah, nakala 3 za riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, vilivyobaki ni hadithi za watoto na kamusi. Usiku ule ule nikaandika hivi:

> Assalam alaykum wateja wetu wapendwa. Tunayo furaha kubwa kuwajulisheni kwamba duka letu limepokea vitabu vipya vya aina mbalimbali, zikiwemo riwaya za kusisimua, hadithi za watoto na kamusi, vyote kwa bei nafuu. Nyote mnakaribishwa.

Ilikwenda kwa watu 60. Alijibu mmoja, akauliza kama tunauza madaftari.

Nilikasirika, nikasema watu hawasomi. Kesho yake nikaisoma tena aya yangu kwa utulivu, nikaona wateja hawana kosa. Ondoa neno "vitabu", weka "vitambaa", toa hizo riwaya na kamusi, aya inafaa duka la kanga. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia mpaka leo: naziba kwa kidole jina la kitabu, kisha najiuliza kama maneno yaliyobaki yangeweza kusemwa juu ya kitabu kingine. Yakiweza, nafuta. "Ya kusisimua" inafaa riwaya yoyote iliyopata kuandikwa, kwa hiyo haisemi kitu.

Tatizo la pili ni kwamba nilikuwa sijakisoma hata kitabu kimoja katika sanduku lile. Nilisoma jalada la nyuma tu. Basi nikachukua nakala moja ya Peponi nikaenda nayo nyumbani. Sikukusudia kuimaliza. Nilitaka kurasa 30 za mwanzo, kwa sababu chambo cha aya ya kwanza hupatikana humo. Unachokitafuta ni kipande kidogo: mtu fulani, mahali fulani, katika jambo ambalo bado halijapata jawabu. Dhamira, mafunzo na sifa za mwandishi zina mahali pake, lakini si hapo.

Peponi inaanza na Yusuf, mtoto wa miaka 12. Baba yake ana hoteli katika mji mdogo wa bara ambao reli imeufikia, zama za Wajerumani. Tajiri mmoja, Aziz, hupita nyumbani kwao mara kwa mara, na akija hupikiwa chakula kizuri. Yusuf anamwona kama ami yake, na Aziz akiondoka humpa sarafu. Siku moja baba anamwambia mtoto kwamba atafuatana na huyo ami katika safari. Wanapanda treni kuelekea pwani. Yusuf hajui kwa nini anapelekwa.

Mimi nilikwisha kujua, maana nilisoma mbele kidogo: baba ana deni, na mtoto ni rehani. Hapa nilisumbuka kutwa nzima. Lile neno "rehani" lina nguvu, na mkono uliniwasha kuliandika. Lakini mwandishi hamwambii Yusuf haraka. Anamwacha afike dukani kwa Aziz, na huko kijana mwingine ndiye anayemfungua macho. Nikimwambia msomaji wangu mapema, nimemnyang'anya saa ile ya kugundua pamoja na mtoto. Nikaamua aya yangu iishie kwenye treni. Tangu siku ile huu ndio mpaka wangu: nasema kile ambacho mhusika mwenyewe anakijua, sivuki hapo. Kama Yusuf hajui, na mteja wangu asijue mpaka anunue.

Rasimu ya pili ilikuwa nzuri zaidi, ila niliiharibu kwa sentensi moja. Niliandika kwamba Peponi ni "kitabu kilichoshinda Nobeli". Kabla sijaituma nikamwonesha mwalimu mmoja wa skuli ambaye ni mteja wangu wa siku nyingi, akanisahihisha palepale. Nobeli ya fasihi hakipewi kitabu, anapewa mwandishi kwa kazi zake. Abdulrazak Gurnah aliipata mwaka 2021. Riwaya hii yenyewe ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka ule ilifika katika orodha fupi ya tuzo ya Booker, haikushinda. Tafsiri ya Kiswahili ni ya Ida Hadjivayanis, imechapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Namshukuru sana mwalimu yule. Muuza vitabu akikosea jambo ambalo mteja wake analijua, mteja huyo hatamwamini tena akisifu kitabu asichokijua.

Nikajiuliza pia kama tuzo inafaa kuwa sentensi ya kwanza. Kwa huku kwetu naona haifai. Watu wengi walishasikia kwamba mzaliwa wa Unguja amepata Nobeli. Habari hiyo wanayo. Wasichokuwa nacho ni Yusuf. Kwa hiyo mtoto atangulie, sifa ya mwandishi ifuate nyuma kwa maneno machache.

Limebaki suala la salamu, na hili kwetu si dogo. Mtu anapopokea barua kwenye simu, kabla hajaifungua anaona jina la mtumaji, kichwa cha barua na maneno machache ya mwanzo. Ukianza na "Assalam alaykum wateja wetu wapendwa, tunayo furaha kubwa kuwajulisheni", nafasi yote imekwisha na kitabu hakijaonekana. WhatsApp ni hivyo hivyo: ujumbe ukiwa mrefu unakatwa, na ya chini hayaonekani mpaka mtu abonyeze kusoma zaidi. Mwezi mmoja nikaacha salamu kabisa. Bibi mmoja wa hapa mtaani, mnunuzi mzuri wa vitabu vya wajukuu zake, akanipigia kuniuliza tumegombana lini. Alikuwa na haki. Sasa naandika maneno mawili tu, "Assalam alaykum", nukta, na sentensi inayofuata ni hadithi. Adabu imetimia na kitabu kinaonekana. Kichwa cha barua nacho nakipa kazi. Zamani nilikuwa naandika "Kijarida cha mwezi huu". Safari ile niliandika "Yusuf anapelekwa wapi?"

Aya iliyokwenda ni hii:

> Assalam alaykum. Mtoto wa miaka 12 amepandishwa treni kuelekea pwani, pamoja na tajiri ambaye kwao akija hupikiwa chakula kizuri. Mtoto anadhani ni safari tu. Kwa nini anapelekwa, hajui. Hivyo ndivyo inavyoanza Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, ambayo sasa tunaisoma kwa Kiswahili kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Zimefika nakala 5. Na kama umewahi kujiuliza hali inakuwaje kwa binti mdogo aliyeozwa mwanamme wa umri wa baba yake, kisha akamkimbia, Vuta N'kuvute ya Adam Shafi nayo imerudi, nakala 3. Ukitaka uwekewe, jibu barua hii kwa jina lako na jina la kitabu. Tutakushikia mpaka Jumamosi adhuhuri.

Utaona kwamba riwaya ya pili sikuiingiza kwa "vilevile tunacho". Nilitafuta uzi unaoziunganisha. Yusuf na Yasmin, yule binti wa Vuta N'kuvute, wote wawili ni watoto walioamuliwa maisha na wakubwa wao, basi anayeanza kumhurumia mmoja, mlango wa wa pili uko wazi kwake. Uzi huo ukikosekana, usiulazimishe. Acha kitabu kimoja kitawale aya, vingine viorodheshwe chini pamoja na bei. Na vitabu viwili katika aya ya kwanza vinatosha. Siku moja nilijaribu vinne, majibu yakarudi kuwa machache, na walioandika walinitaka niwakumbushe kipi ni kipi.

Kuhusu idadi ya nakala, andika iliyo kweli, na uweke njia ya kushikiwa katika aya hiyo hiyo. Safari moja kabla ya hii nilitaja kitabu kilichokuwa na nakala chache bila ya kuweka utaratibu wowote. Zikaisha asubuhi moja. Mchana akaingia mtu aliyetoka Konde kwa gari ya abiria, kijarida kiko wazi kwenye simu yake, na sikuwa na cha kumpa. Nilimwagizia, lakini uso wake siusahau. Tangu hapo jibu la barua ndilo linaloshika nakala, wa mwanzo kuandika ndiye wa mwanzo kupata, na nakala ya mwisho ikishikwa natuma ujumbe mfupi siku hiyo hiyo kusema zimekwisha na lini naagiza nyingine.

Barua ya Yusuf ilileta majibu 11. Peponi zote 5 zilishikwa siku mbili za kwanza, Vuta N'kuvute zikatoka 2. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba watatu hawakuuliza bei kwanza. Waliuliza, "Huyo mtoto anapelekwa kufanywa nini?" Ukiona maswali ya namna hiyo, aya imefanya kazi yake. Ukiulizwa bei tu, au saa za kufungua, ujue kitabu hakijamgusa mtu na ameiona barua kama tangazo.

Sasa kamusi zako. Usizitungie hadithi. Anayetaka kamusi ni mwalimu au mzazi mwenye mtoto skuli, na anachotaka kujua ni ya lugha gani, toleo la mwaka gani, jalada gumu au jepesi, na bei. Mpe hayo kwa mstari mmoja chini ya aya. Nilipojaribu kuipamba kamusi, mzazi mmoja alinipigia kuuliza kama hicho ni kitabu cha hadithi. Vitabu vya watoto viko katikati. Hivyo mimi humsomea mtoto mdogo wa nyumbani, na ukurasa atakaotaka urudiwe ndio ninaouandika. Kwa mzigo wako wa safari hii, chukua riwaya moja usiku wa leo, soma kurasa 30, kisha tuandikie hapa huyo mtu uliyemkuta ndani na jambo linalomkabili. Tutaitazama rasimu yako kabla hujaituma kwa wale 80.