Kupunguza maneno kwenye slaidi bila kupoteza hoja

"Slaidi zangu zimejaa maneno. Nikipunguza, bosi anasema hoja imepotea. Nifanyeje?"

Habari yako. Angalia kwanza ulikata nini. Mara nyingi tunabakiza majina ya vitu na kutupa vitenzi, pamoja na "kwa sababu" na "kwa hivyo". Hoja yenyewe hukaa humo.

Niliwahi kuandalia sako ya matatu hapa Nairobi slaidi yenye aya ya maneno kama 80. Nilipoipunguza ikabaki: "Foleni steji. Mafuta. Mapato." Mwenyekiti akauliza, "Sasa mafuta yamefanya nini?" Alikuwa na haki kuuliza.

Nikaanza upya na kichwa, nikakiandika kama sentensi kamili: "Mapato yameshuka kwa sababu magari yanakaa steji, si kwa sababu ya mafuta." Chini nikaweka grafu moja yenye mistari miwili: safari kwa siku, kutoka 9 hadi 6, na gharama ya mafuta kwa kila safari, ambayo haikubadilika. Picha ya matatu niliitoa, maana haikuthibitisha chochote. Maelezo mengine yote yakaenda kwenye Notes.

Kwenye PowerPoint, fungua View > Outline View usome vichwa pekee, kwa sauti. Kimoja kisipozaa kinachofuata, hapo ndipo ulipokata kiungo. Kichwa kisipoonekana kabisa, pengine ulikiandika ndani ya kisanduku cha kawaida badala ya nafasi ya kichwa.

Kwa wasiohudhuria, usitume slaidi pekee. Chapisha Notes Pages uwatumie hizo.