Usipeleke XY ya binadamu kwenye banda la kuku

Kama ndo unaanza kusoma jenetiki, au umeingia kwenye kutotolesha vifaranga, acha kukariri "dume XY, jike XX". Jiulize kitu kimoja tu, kati ya baba na mama nani anatoa mbegu au mayai ya aina mbili, maana huyo ndo anayeamua jinsia ya mtoto. Mi sikujiuliza na nililipia.

Kwa binadamu hilo jibu unalijua. Mama ni XX kwa hiyo mayai yake yote yana X, baba ni XY na mbegu zake nusu zina X nusu zina Y, basi aliyeamua ni baba (na bado mtaani mama ndo anasemwa eti anazaa mabinti tu).

Kuku ni kinyume. Jogoo ni ZZ, tetea ni ZW, yaani mbegu za jogoo zote ni sawa, mwenye aina mbili ni tetea. Sasa nilisoma kwamba ukichanganya kuku mwekundu wa Rodi Ailandi na yule Plaimauthi Roki mwenye mistari myeusi na myeupe, kifaranga cha siku moja unakitambua jinsia kwa kuangalia kichwa, chenye doa jeupe utosini ni jogoo, kisicho na doa ni tetea. Nikaona hela hiyo, ntauza matetea matupu kwa bei nzuri, nikatafuta jogoo wa mistari nikamweka na matetea mekundu. Siku 21 zikafika, nafungua mashine, vifaranga vyote vina doa! Vyote. Na mteja nilishamwahidi matetea.

Kosa lilikuwa nani nimemweka upande gani. Jeni ya mistari ipo kwenye Z, tuiite B, na inashinda ile isiyo na mistari, b. Tetea ana Z moja tu na hiyo anampa mtoto wa kiume, binti anapata W kwa mama na Z yake inatoka kwa baba. Iandike hivi kabla hujanunua kuku:

```
nilichofanya:    jogoo ZBZB x tetea ZbW
                 madume ZBZb, majike ZBW  (wote B)

sahihi:          jogoo ZbZb x tetea ZBW
                 madume ZBZb, majike ZbW  (doa kwa madume tu)
```

Kwa hiyo jogoo awe mwekundu, tetea awe wa mistari, basi. Na hiyo ni kizazi cha kwanza tu, ukianza kuwazalisha hao watoto wenyewe kwa wenyewe doa halikuambii tena kitu, unakuta matetea nayo yana doa. Jamaa wengi wanakwama hapo wanasema njia haifanyi kazi.

Halafu kuna nyuki, hapo sahau habari ya X na Z kabisa. Malkia akishapandwa angani anatunza mbegu kwenye kifuko tumboni, akitaga yai akaliachia mbegu linakuwa na kromosomu 32 na anatoka jike, asipoliachia linabaki na 16 na linaanguliwa hivyo hivyo, anatoka dume. Ukitaka kuliona kwa macho subiri mzinga upoteze malkia na ushindwe kulea mwingine. Baada ya wiki kadhaa vibarua wanaanza kutaga wenyewe, na kwa kuwa hawajapandwa wanatoa madume matupu, utakuta tundu moja lina mayai mawili matatu, na vifuniko vya masega vimevimba kama vichwa vya risasi. Huo mzinga unakufa, madume hayaendi kutafuta nekta. (Nyuki wa Rasi kule Afrika Kusini ni tofauti, kibarua wao anaweza kutaga yai lisilo na mbegu akatoka jike, kwa hiyo usiseme "nyuki wote".)

Ila usiandike kwenye mtihani kwamba ni hesabu ya kromosomu tu. Kinachoamua ni jeni inayoitwa csd, ukiwa na nakala mbili zisizofanana ni jike, ukiwa na moja ni dume. Sasa malkia mwenye a na b akipandwa na dume mwenye a, nusu ya mayai yaliyorutubishwa yanakuwa aa, na hao ni madume wa kromosomu 32 ambao vibarua wanawala wakiwa bado mabuu wadogo. Ukifungua mzinga unaona masega ya watoto yana matundu matupu hapa na pale kama yamedonolewa. Kawaida malkia anapandwa na madume zaidi ya kumi ndo maana huoni sana, ukiyaona mengi lete malkia wa ukoo mwingine.

Na likija lile swali la kizazi wanalopenda kutega, dume la nyuki halina baba wala halizai watoto wa kiume, ila babu analo, upande wa mama.