Mkopo umekufa tangu Juni, mfumo unasema siku sifuri

Swali: "Nakagua sakos moja hapa Kenya, ripoti ya umri wa malimbikizo iko safi karibu yote, lakini wanachama wenyewe wanalia hawana hela. Nianzie wapi?"

Jibu: Ndugu yangu, anza na mikopo iliyotolewa Desemba. Chukua rejista ya mikopo ya mwisho wa Novemba na ya 31 Desemba, zipange kwa namba ya mwanachama, kisha tafuta mtu ambaye mkopo wake wa zamani umefungwa na siku hiyohiyo akafunguliwa mpya wenye salio kubwa kidogo. Ukimpata nenda kwenye steitimenti ya benki na ya Empesa uone kama kuna shilingi yoyote ilitoka, maana kama hakuna basi hapo hakuna mkopo mpya, ni wa zamani umebadilishwa jina.

Nilikutana nao kwenye sakos moja, mama alikuwa na salio la 380,000 na rejesho la kwanza ambalo hakulipa lilikuwa la tarehe 4 Juni. Tarehe 18 Desemba wakamwandikia mkopo wa 412,000, yaani 380,000 za zamani na riba 32,000 ambayo hakuwahi kuilipa, na hiyo riba wakaihesabu kama mapato. Mfumo ukasoma siku sifuri za kuchelewa, wakatenga 1% ya kufidia hasara, yaani 4,120 basi.

Sasa hesabu mwenyewe: toka 4 Juni hadi 31 Desemba ni siku 210. Kwa kanuni za SASRA, wale wanaosimamia sakos Kenya, ukichelewa siku 1 hadi 30 unatenga 5%, 31 hadi 180 ni 25%, 181 hadi 360 ni 50%, zaidi ya hapo 100%. Kwa hiyo unarudisha ile riba 32,000 itoke kwenye mapato, halafu unatenga nusu ya 380,000 ambayo ni 190,000. Na ni nusu ya salio lote jamani, si ya marejesho yaliyochelewa peke yake, hapa watu wengi sana wanakosea.

Meneja atakwambia mwanachama aliomba mwenyewe na kamati ikapitisha. Sawa, omba fomu ya wadhamini. Ile ya huyu mama ilikuwa kopi ya ile ya zamani, tarehe imefutwa ikaandikwa juu yake, na mdhamini mmoja nilipompigia akasema hajui lolote, iliniuma kweli kwa sababu akiba yake ndiyo imefungwa pale. Halafu angalia Januari na Februari kama mwanachama mwenyewe amelipa chochote, kama hajalipa usikubali kuuhamisha kwenye daraja la mikopo mizuri.

Kitu kingine uulize mfumo wao unahesabu siku kuanzia wapi, maana kuna inayohesabu toka malipo ya mwisho, mtu akiweka mia tano tu siku zinaanza upya. Chukua mikopo kumi na ratiba zake za mkataba, hesabu kwa mkono toka rejesho la zamani kabisa ambalo halijakamilika, ulinganishe na ripoti yao.