Ankara ipi ilipwe kwanza fedha zikiwa haba

Swali: «Ripoti ya umri wa madeni inaonyesha wasambazaji watano wanatudai, na benki hakuna za kuwatosha wote. Je, nianze na deni la zamani kuliko yote?»

Ndugu, hapana. Ripoti hiyo inakueleza deni limekaa muda gani. Haikuelezi nini kitatokea usipolilipa wiki hii. Mimi ni mhasibu hapa Lubumbashi, katika duka linaloziuzia kampuni za migodi buti, helmeti na vipuri, na nitakueleza tulivyofanya mwezi mmoja ambapo mteja wetu mkubwa alichelewa kutulipa.

Benki kulikuwa na dola 14,000. Kabla ya kuifungua ripoti, tuliweka kando 4,500 za mishahara na 1,500 za kodi ya TVA, ambayo hutakiwa kufikia tarehe 15 na haingoji mteja alipe. Zikabaki 8,000. Ripoti ilisema tunadaiwa 23,600.

Hapo watu wengi huanza kugawa, nami nasema anza kwa kuisafisha ripoti, kwa sababu mara nyingi jumla yake si ya kweli. Wa kwanza alikuwa muuzaji wa buti wa Zambia, aliyeonekana anatudai 9,000, lakini tulikwisha kumtumia malipo ya awali ya 2,000 ambayo yalikuwa yamelala katika akaunti 4091 ya malipo ya awali, huku ripoti ikisoma 401 ya madeni ya wasambazaji peke yake. Deni lake halisi likawa 7,000. Muuza vipuri alionekana na 6,200, ambapo mali ya 2,400 tulikuwa tumemrudishia na yeye amekubali kwa maandishi, ila hati hiyo haikuwa imeingizwa, likabaki 3,800. Ankara ya 5,000 ya msambazaji mwingine ilikaa katika safu ya siku 31 hadi 60, kumbe mapatano yalikuwa siku 60, na programu ilihesabu umri tangu tarehe ya ankara badala ya tarehe ya kulipa. Hiyo haikuwa imechelewa hata kidogo, nasi tukaiacha. Tazama mpangilio huo katika programu yako kabla ya jambo lingine lolote.

Yaliyochelewa kweli yakawa 14,200: muuzaji wa buti 7,000, muuza vipuri 3,800, wakala wa forodha wa Kasumbalesa 2,100, na duka la karatasi la hapa mjini 1,300. La zamani kuliko yote lilikuwa la duka la karatasi, siku 95. La wakala lilikuwa limepita kwa siku tano tu.

Mbele ya kila jina tuliandika jibu la swali moja: tusipomlipa, kazi gani itasimama, na lini? Wakala alikuwa ameshikilia hati za lori lililokwisha kufika mpakani, na kila siku gari likilala pale gharama huongezeka. Yeye akalipwa zote 2,100, ingawa deni lake lilikuwa changa kuliko yote. Muuzaji wa buti alikataa kupakia mzigo mwingine uliokuwa umeagizwa na mgodi. Hatukuwa na 7,000, basi tukampigia simu kabla ya kutuma chochote, tukakubaliana 4,000 sasa na 3,000 mteja atakapolipa, naye akathibitisha kwa barua pepe kwamba atapakia. Usitume malipo ya sehemu bila uthibitisho kama huo, maana msambazaji anaweza kuzipokea fedha na bado akakunyima mali.

Muuza vipuri hakupata kitu wiki ile. Stoo ilikuwa bado na vipuri vya kutosha, kwa hiyo tulimwandikia barua yenye tarehe kamili ya malipo. Mwenye duka la karatasi hakuweza kutusimamisha, lakini deni lake lilikuwa dogo na yeye ni mfanyabiashara mdogo ambaye 1,300 kwake ni mtaji wa kununulia mali, tukalimaliza. (Meneja alitaka angoje tena. Mimi nilipinga, na bado napinga: aliyengoja siku 95 kwa upole asiadhibiwe kwa upole wake.) Jumla tulitoa 7,400, na 600 zikabaki kwa dharura.

Njia hii ina mpaka wake. Kila mwisho wa mwezi weka ripoti mpya kando ya ile ya mwezi uliopita, ufuate ankara moja moja. Ukiona zilezile zinahama kutoka safu ya siku 30 kwenda ya 60, kisha ya 90, huku mauzo yakiendelea, kupanga upya foleni ya wasambazaji hakutakusaidia. Fungua ripoti ya wateja, uone nani ameshikilia fedha zako na tangu lini.