Oda ya Market usiku kwa hisa ya kampuni ndogo: ifute kwanza, tuongee baadaye

Swali: "Wakuu, nimefungua akaunti kwa dalali na kesho nataka kununua hisa kwa mara ya kwanza, hisa 1,000 za kampuni moja ndogo. Bei inasoma 100. App inaniuliza Market, Limit au Stop. Jamaa kanishauri niweke Market usiku huu ili soko likifunguliwa niwe wa kwanza. Ni sawa? Na Stop niiweke bei gani?"

Kama umeshaituma hiyo oda, ifute sasa hivi. Soko limefungwa, oda bado iko kwenye foleni, na kitufe cha kufuta kinafanya kazi. Ukishafuta endelea kusoma.

Ushauri huohuo nilipewa mimi na mtu aliyekuwa anaongoza kundi la wawekezaji wapya. Alituambia Market ndiyo ya watu wa kawaida, Limit ni ya wale wanaocheza na bei kutwa nzima. Nikanunua hivyo hisa za kampuni isiyouzwa sana, na sehemu kubwa ya pesa yangu ikaondoka asubuhi ileile, kabla kampuni yenyewe haijafanya lolote baya. Nilipomuuliza akajibu kwamba soko ndivyo lilivyo. Soko halipo hivyo hata kidogo! Kitufe cha pembeni kingeizuia hasara yote ile, na yeye alikuwa anawafundisha watu wasikiguse. Mpaka leo nikiona mtu anaambiwa "weka Market tu" damu inachemka.

Tuanze na hiyo 100 unayoiona. Hiyo ni bei ya mauziano ya mwisho, basi. Huenda ni mtu mmoja aliuza hisa kumi jana mchana. Hakuna mtu aliyeahidi kukuuzia wewe hisa 1,000 kwa 100. Bei unayoweza kununulia iko upande unaoandikwa Ask, yaani wanaouza, na kila bei pale ina idadi yake ya hisa. Upande wa Bid ni wanaotaka kununua. App nyingi zinaonyesha mstari wa kwanza tu wa kila upande, mingine unaipata ukibonyeza Market Depth au unampigia dalali akusomee. Kwa kampuni ndogo mistari hiyo ndiyo kila kitu.

Nakuwekea mfano wenye sura ileile ya kilichonipata, kwa namba nyepesi. Bei ya mwisho 100. Mnunuzi wa juu kabisa anatoa 97. Kwa wauzaji kuna hisa 100 kwa 101, halafu 150 kwa 104, halafu 250 kwa 112, na mwisho kuna mtu ameweka hisa 500 kwa 125, bei aliyoiweka kwa matumaini tu kwamba siku moja atapita mtu asiyeangalia.

Sasa unaingia na Market ya hisa 1,000 katikati ya siku. Market maana yake unamwambia dalali: nipe hisa 1,000, bei yoyote. Na unapewa kweli. Zinachukuliwa 100 za 101, zinachukuliwa za 104, zinachukuliwa za 112, na bado imebaki nusu ya oda, kwa hiyo mashine inapanda mpaka kwa yule wa 125 na kumaliza hisa zake zote. Jumla ni 116,200. Ulidhani unanunua kwa 100,000. Hiyo 16,200 ya juu haikwenda kwa dalali wala kwa kampuni, imekwenda kwa wauzaji waliokuwa wamekaa juu wanasubiri oda kama yako.

Halafu kuna kitu kitakachokudanganya zaidi. Ukimaliza kununua, bei ya mwisho inasoma 125, maana ndiyo mauziano ya mwisho. App inazidisha 125 kwa hisa 1,000 na kukuonyesha kijani: una faida ya 8,800. Unafurahi. Lakini wanunuzi hawajasogea, wa juu bado ni yule wa 97. Mtu mwingine akija kuuziana hisa chache kwa 100, app inasoma 100,000 na faida inageuka hasara ya 16,200. Watu wengi hapa wanadhani hisa "imeanguka". Haijaanguka, imerudi ilikokuwa. Ukitaka kujua kama ndicho kilichokupata, fungua historia ya oda yako uangalie bei ya kila kipande kilichonunuliwa. Ukiona vipande vinapanda ngazi ndani ya sekunde moja, basi umekula mistari ya Ask mwenyewe.

Na hiyo ni Market ya mchana. Yako ya usiku inaweza kuwa mbaya zaidi. Masoko mengi hufungua siku kwa mnada: oda zote zilizokusanyika kabla ya saa ya kufungua zinalinganishwa kwa pamoja, na inatafutwa bei moja itakayowezesha hisa nyingi zaidi kuuzwa. Bei hiyo ikipatikana, wote waliofanikiwa wanauziana kwa bei hiyohiyo moja. Chukua wauzaji walewale, na mnunuzi mkubwa ni wewe uliyesema bei yoyote. Bei inayouza hisa zote 1,000 ni 125. Kwa hiyo hata yule aliyekuwa tayari kukuuzia kwa 101 analipwa 125, na wewe unalipa 125,000. Kama soko lako lina ukomo wa bei kupanda kwa siku, ukomo huo ndio utakaokuokoa, Market haitakuokoa. Kuwa wa kwanza hakukupi chochote kwenye mnada zaidi ya kubeba bei ya kila mtu.

Kanuni yangu ni moja na siibadilishi kwa mtu yeyote: oda isiyo na bei uliyoiandika kwa mkono wako mwenyewe, usiitume.

Hiyo ndiyo Limit. Unaandika idadi, unaandika bei ya juu kabisa unayokubali kulipa, na hakuna hisa hata moja itakayonunuliwa juu ya hapo. Wanaoanza hukosea jambo moja: wanadhani ukiandika 104 utalipa 104 kwa zote. Hapana. Ile 104 ni dari. Kwa wauzaji wetu wale, Limit ya hisa 1,000 kwa 104 inachukua zile 100 kwa 101 na zile 150 kwa 104, unalipa 25,700, halafu inasimama. Hisa 750 zilizobaki zinakaa upande wa Bid kwa 104, na sasa wewe ndiye mnunuzi wa juu kabisa sokoni. Muuzaji mwenye haraka akija, anakukuta wewe kabla ya yule wa 97. Yule wa 112 naye akiona siku zinapita anaweza kushuka mwenyewe.

Gharama ya Limit ni kwamba unaweza kubaki na hisa 250 tu, au usipate kabisa ukiandika bei ya chini mno. Hili watu wanaliogopa kuliko inavyostahili. Usipopata hisa pesa yako bado iko kwenye akaunti na kesho unaweza kupandisha bei kidogo. Ukizipata kwa 125 hakuna kitufe cha kurudisha. Angalia tu sehemu ya muda: ukichagua Day, kilichobaki kinafutwa jioni, ukichagua GTC, oda inaendelea kukaa mpaka uifute au muda wa dalali uishe, na watu huisahau. Anza na Day.

Utaambiwa kwamba kwenye kampuni kubwa, ambako kila bei ina maelfu ya hisa na pengo kati ya Bid na Ask ni dogo sana, Market na Limit zinatoa karibu kitu kilekile. Ni kweli. Ndiyo maana sioni sababu ya kutumia Market hata huko: andika Limit iliyo sawa na Ask au juu yake kidogo, itatekelezwa papo hapo, na bei ikiruka juu sekunde hiyo dari yako bado ipo.

Stop nayo ni Market iliyojificha. Ukinunua ukaweka Stop ya kuuza kwa 95, hujaandika bei ya kuuzia, umeandika bei ya kuiamsha oda. Mauziano yakigusa 95, hata ya hisa tano, oda yako inaamka ikiwa ni Market ya kuuza hisa zako zote, bei yoyote. Kwenye hisa yenye wanunuzi wachache inashuka ngazi za Bid kama ile ya kununua ilivyopanda za Ask. Tarehe 24 Agosti 2015 soko la Marekani lilifunguka kwa mporomoko, Stop nyingi zikaamka kwa pamoja, hisa za watu zikauzwa kwa bei ya chini sana kisha bei nyingi zikapanda tena asubuhi ileile. Soko la Hisa la New York likaacha kupokea oda za Stop kuanzia tarehe 26 Februari 2016. Madalali wengi bado wanazitoa, wanazishikilia kwenye mifumo yao wenyewe.

Ipo Stop Limit, unaandika bei mbili: ya kuamsha, na ya chini kabisa unayokubali kuuzia. Hiyo inatii kanuni yangu, ingawa bei ikiruka chini ya zote mbili kwa mkupuo hutauza na utabaki na hisa zako. Kwa hisa unayoisema, mimi nisingeweka Stop yoyote sasa. Pengo la Bid na Ask peke yake linaweza kuigusa bila kampuni kuwa na tatizo lolote.

Kesho usiguse kitu mpaka mnada wa kufungua upite na mauziano ya kawaida yaanze. Fungua Market Depth, hesabu kuna hisa ngapi kwenye Ask mpaka bei ambayo roho yako inakubali, weka Limit ya idadi hiyo tu kwa bei hiyo, Day. Zilizobaki zitafute siku nyingine. Kama mistari haikueleweki, ibandike hapa kabla hujabonyeza, asubuhi nitakuwepo.