Sauti ya Mzee: Nilivyojifunza Kumwandikia Mtu kwa Maneno Yake

Sura ya kwanza niliyomwandikia nahodha mmoja mstaafu wa Matondoni, hapa Lamu, niliipenda sana. Mzee alitaka kitabu cha safari zake kitakachotoka kwa jina lake, na kazi yangu ilikuwa kukiandika. Binti yake alisoma kurasa mbili, akaniwekea karatasi mezani. "Kaka, haya ni maneno ya mwalimu. Baba hasemi hivi."

Nilimuuliza wapi panapokosea. Hakuweza kunionyesha, kwa sababu habari zote zilikuwa sahihi. Nikarudi nyumbani, nikasikiliza upya rekodi za Mzee, kama dakika arobaini hivi, na safari hii nikaandika kila neno lilivyotoka, bila kunyoosha chochote. Nilipata maneno kama 4,000. Kisha nikaweka kila sentensi kwenye mstari wake na kuandika pembeni ina maneno mangapi.

Kwenye maneno ya mdomo swali la kwanza ni sentensi inaishia wapi, maana mtu haongei na nukta. Mimi nilifuata sauti: inaposhuka na pumzi ikakatika, hapo naweka nukta. Sauti ikibaki juu, naweka mkato hata kama sarufi ingeruhusu nukta. Ukigawanya kwa sarufi peke yake utapata sentensi zako, si zake.

Hiki hapa kipande kimoja cha Mzee:

"Tulitoka alfajiri. Maji yalikuwa yamejaa. Upepo hakuna. Basi tukakaa hapo, tanga limelala, mabaharia wanapiga soga, mmoja anachemsha chai, hata jua lilipopanda juu ya mikoko upepo ukaja kidogo kidogo, ukaja, ukaja, tukaona sasa hii ni safari. Nikashika usukani."

Na hivi ndivyo nilivyokuwa nimekiandika mimi:

"Siku hiyo tuliondoka mapema alfajiri wakati maji yalikuwa yamejaa, ingawa hapakuwa na upepo wowote wa kutuwezesha kuanza safari. Kwa hiyo, mabaharia walipumzika huku wakizungumza na kunywa chai hadi jua lilipopanda na upepo ukaanza kuvuma taratibu."

Hesabu ya Mzee ni 2, 3, 2, 28, 2. Yangu ni 18 na 17. Wastani wake ni maneno 7 na kitu kwa sentensi, wangu 17 na nusu. Nilipoona hivyo nikafanya kosa la pili: nikazikata sentensi zangu zote ziwe za maneno saba, nane. Wastani ukalingana, lakini sura ikasomeka kama simu ya maandishi ya zamani, ile ya kulipia kwa neno. Wastani ulinificha jambo lenyewe. Mzee hana sentensi za maneno saba. Ana fupi kabisa tatu au nne mfululizo, halafu moja ndefu inayokwenda kama jahazi lenye upepo, halafu fupi ya kufunga. Kwa hiyo siku hizi siandiki wastani peke yake. Naandika namba kwa mfuatano wake, ukurasa mzima, na kuzitazama zinapopanda na kushuka. Kwa Mzee, ndefu ilikuja pale ambapo jambo lilichukua muda: kungoja upepo, kupakia boriti, kuvuka mkondo. Hatari na huzuni alizisema kwa maneno mawili matatu.

Namba hizi zilinganishe Kiswahili kwa Kiswahili tu. "Lilipopanda" kwetu ni neno moja, na lugha nyingine ingehitaji matatu au manne. Vipimo vya urefu wa sentensi vilivyoandikwa kwa ajili ya Kiingereza havikufai hapa.

Kisha maneno yenyewe. Nilidhani maneno ya mtu ni yale mazito: omo, tezi, foromali, kusi, kaskazi. Hayo ni ya kila nahodha. Sauti ya mtu iko kwenye maneno madogo anayoyatoa bila kufikiri. Wanatakwimu wawili, Frederick Mosteller na David Wallace, walilionyesha hilo mwaka 1964 walipochunguza makala 12 za kisiasa za Marekani ambazo hazikujulikana kama ni za Alexander Hamilton au James Madison. Kilichowasaidia ni vineno vidogo. Kimoja, chenye maana ya "juu ya", Hamilton alikitumia mara kwa mara, na Madison kwa nadra sana. Mada haikusaidia, kwa kuwa wote wawili waliandika juu ya mambo yale yale.

Kwa Mzee, "basi" ilitokea mara 52 katika yale maneno 4,000, yaani 13 katika kila elfu. Katika sura yangu ya maneno 3,000 ilikuwa mara tatu tu. Aliposema "hata" kwa maana ya mpaka, mimi niliweka "hadi". Orodha iliyonifaa zaidi, hata hivyo, ni ya maneno asiyoyatumia kabisa: ingawa, aidha, kwa hiyo, kutuwezesha. Hayo niliyafuta yote siku moja, na nusu ya kazi ikawa imekwisha.

Ukitafuta neno kwenye kompyuta, chagua neno zima, la sivyo ukitafuta "na" utaletewa na "nani" na "sana". Na kuna kitu ambacho kompyuta haikioni kwa urahisi, nacho ni viambishi. Mzee akishaanza kisa kwa -li- anahamia kwenye -ka- na habanduki: tukakaa, ukaja, tukaona, nikashika. Mimi nilikuwa narudia -li- kila kitenzi kama ripoti ya mkutano. Hilo nililihesabu kwa kalamu.

Nikaingia kwenye kosa la tatu, la kutia "basi" kila mahali. Binti yake akasema sasa namuigiza baba. Nikarudi kwenye rekodi kutazama "basi" inakaa wapi, nikakuta inakuja baada ya kizuizi, pale kisa kinapogeuka: upepo hakuna, basi, nanga imeshika, basi. Mwanzo wa kisa haimo kabisa. Nikaiweka hapo tu, na nikaipunguza hadi kama nusu ya hesabu ya mdomoni, kwa sababu jicho linachoka na neno ambalo sikio halilisikii.

Jambo jingine la kwetu ni Kiamu, lahaja ya Lamu. Mbele yangu na kinasa sauti, Mzee alisema "maji", "moja", "njia". Wajukuu walipoingia ikawa "mayi", "moya", "ndia". Ukimrekodi mtu mbele ya mgeni tu, unapata sauti yake ya mgeni. Nilirekodi tena jioni barazani, nikiwa nimekaa pembeni, na sentensi zake zilikuwa fupi zaidi. Tulikubaliana simulizi libaki Kiswahili anachokiandika mwenyewe kwenye barua, na mazungumzo ya watu wa Lamu yabaki Kiamu.

Sura ilipokuwa tayari nilimpa Mzee aisome kwa sauti, nami nikakaa na nakala yangu na kalamu. Alipokwama, nilitia alama. Alipobadilisha neno bila kujua kwamba amelibadilisha, nililifuata lake. Kwenye kurasa sita alikwama mara nne. Ukurasa wa saba niliandika "tulisubiri upepo". Mzee akasoma "tukangoja upepo", akaendelea.