Madoa ya kifuani: ni utangotango au mbalanga?

*Shangazi, nina miaka 24, ni fundi ujenzi Tanga. Kifuani na mgongoni nina madoa meupe yenye ungaunga, nikipigwa jua yanazidi kuonekana. Bibi anasema ni mbalanga. Dukani nilipewa krimu ya betamethasoni, muwasho ukapungua, kisha yakaenea. Mchumba wangu anaogopa.*

Mwanangu, kesho asubuhi kabla hujaoga wala kupaka mafuta, simama penye mwanga, livute doa moja kwa vidole viwili, kisha likwangue taratibu kwa ukucha. Mbalanga haikwanguki. Ni nyororo, nyeupe kama maziwa, na hupenda mikono, midomo na kuzunguka macho, wakati mwingine hata nywele za hapo hugeuka nyeupe. Ukiona vumbi laini kama la unga wa sembe, huo ni utangotango, na maelezo yako yananielekeza huko.

Utangotango huletwa na fangasi anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta yake. Joto na jasho humfanya azidi. Hutoa kemikali inayozuia ngozi kutengeneza rangi, kwa hiyo juani sehemu nyingine zinaiva na doa linabaki vilevile. Hata mchumba wako naye anaye, kwa hiyo humwambukizi kitu.

Hiyo krimu iache. Inatuliza muwasho tu, na kwa kuwa inapunguza kinga ya ngozi, fangasi hustawi. Tafuta famasi shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Lowesha mwili, paka kuanzia shingoni hadi kiunoni na mikono ya juu, hata pasipo na doa, acha dakika 5, suuza. Fanya hivyo mara moja kwa siku, siku 5.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea, na nakusihi unisikilize. Baada ya dawa madoa yatabaki meupe, pengine miezi kadhaa. Watu hukata tamaa, hununua dawa nyingine kali, au huamini kwamba kweli ni mbalanga. Wewe rudia kukwangua. Kama hakuna unga tena, fangasi amedhibitiwa; kilichobaki ni rangi kurudi, nayo hurudi polepole. Ukipata unga, dawa haijamaliza kazi, nenda kwa daktari wa ngozi. Anaweza kupima magamba hayo kwa darubini, na kama yameenea sana akakupa vidonge.

Usisubiri, nenda kituo cha afya mara moja, ikiwa kuna doa lililokufa ganzi, usilohisi hata likiguswa na pamba. Hilo huenda likawa ukoma, ambao una tiba.

Kwa kazi yako ya jasho utangotango hupenda kurudi. Miezi ya joto rudia shampuu mara moja kwa mwezi, badili fulana iliyolowa, na mafuta mazito usipake kifuani.